Kununua cherehani ya kwanza: maduka manne, kitambaa chako mwenyewe na bei iliyokamilika

Ukiingia duka la cherehani na kumwomba muuzaji akuonyeshe jinsi mashine inavyoshona, mara nyingi atatoa chini ya meza kipande kidogo cha kitambaa cheupe kilichotiwa wanga mpaka kikakakamaa. Atakikunja mara mbili, atapitisha mshono mmoja ulionyooka, kisha atakupa ukiangalie. Mshono utakuwa mzuri, kwa sababu karibu kila cherehani inashona vizuri kitambaa kigumu cha safu mbili. Hakivutiki, hakitelezi, na hakina unene wa kuipa sindano kazi. Kipande hicho hakikwambii lolote kuhusu gauni la kitambaa laini wala pindo la jinzi.

Kwa hiyo mpwa wangu alipokuwa tayari kununua cherehani yake ya kwanza nilimwambia asiende na pesa kwanza, aende na mfuko wa vitambaa. Alikuwa ameshajifunza ushonaji na alikuwa akishonea kwenye cherehani ya mtu mwingine kwa malipo ya kila mwezi. Kazi zake zilikuwa magauni ya pamba, sketi, mashati machache, na kupunguza suruali za jinzi. Nilifuatana naye maduka manne. Nitaeleza tulichofanya kwa mpangilio, pamoja na hesabu yake. Bei zote nitaziandika kwa kulinganisha: bei aliyotajiwa kwenye duka la kwanza naihesabu kuwa 100, na nyingine zote zinapimwa kwa hiyo. Wewe weka bei za kwako. Njia ya kuhesabu haibadiliki.

Kabla ya kutoka nyumbani

Andika kazi ulizozishona miezi miwili au mitatu iliyopita, kazi halisi, usiandike unazotamani kupata. Mpwa wangu aligundua kwamba katika kila kazi kumi, saba zilikuwa magauni na sketi za pamba, mbili zilikuwa marekebisho ya jinzi, na moja ilikuwa kitambaa chepesi kinachoteleza. Vitambaa vinavyovutika alikuwa akivikataa, kwani mshono ulionyooka hukatika mtu anapovivaa na kuvinyoosha.

Orodha hiyo ndiyo iliyojaza mfuko. Tuliweka pamba ya kawaida, kitambaa chepesi cha kuteleza, kipande cha jinzi kilichokatwa kwenye suruali kuukuu pamoja na mshono wake wa pembeni, na vipande viwili vya pamba vyenye urefu sawa wa sentimita 50. Tukaongeza uzi wa rangi mbili zilizo tofauti kabisa, nyekundu na nyeupe, rula ndogo, na sindano mpya za namba 70, 90 na 100. Namba ya sindano ni unene wake kwa sehemu mia za milimita, yaani 90 ina unene wa milimita 0.9. Pamba ya kawaida inataka 90, jinzi inataka 100, na kitambaa chepesi kinataka 70. Sindano ya dukani huwa imeshagonga mambo mengi, na sindano butu inaweza kukufanya uilaumu cherehani nzima bila sababu.

Jambo moja la kuangalia mapema: sindano za cherehani ya nyumbani zina ubavu mmoja bapa juu, pale zinaposhikwa na skrubu. Za mashine ya kiwandani zina shina la duara na haziingiliani na za nyumbani. Mfuko wetu ulikuwa na za aina zote mbili.

Mwisho, soma umeme wako. Je, sehemu utakayoshonea ina fezi moja au tatu? Umeme unakatika mara ngapi? Mpwa wangu alikuwa na fezi moja, na umeme ulikuwa ukikatika hata katikati ya siku ya kazi. Jibu hilo lilikuja kuamua mambo mengi kuliko alivyotarajia.

Duka la kwanza: mashine ndogo yenye mishono mingi

Hii ilikuwa mashine nyepesi ya mezani, mwili wa plastiki, yenye mota ndogo na pedali. Muuzaji alizungusha kitufe akatuonyesha zigizaga, maua, mawimbi na tundu la kifungo. Kwa mtu anayeshona nguo za familia mwishoni mwa wiki, ni mashine ya maana, na zigizaga ni kitu ambacho cherehani nyeusi ya kawaida haina.

Tulianza na pamba. Ikapita vizuri. Kisha tukakunja jinzi kama pindo la suruali, tukahakikisha kwamba sindano itavuka ule mshono wa pembeni. Hapo ndipo kipimo kilipo. Pindo la jinzi lina safu tatu, lakini kwenye mshono wa pembeni safu hufika nane au zaidi. Mashine ilipofika pale ilinguruma, mguu ukainama kwa nyuma, sindano ikasimama. Muuzaji akasema, "Izungushe kwa mkono, itapita." Ni kweli, ilipita. Lakini unapaswa kujiuliza utaizungusha kwa mkono mara ngapi kwa siku.

Baadaye nilimwonyesha mpwa wangu kibati kilicho ubavuni. Mota za mashine kama hizi huwa na nguvu ndogo sana, mara nyingi chini ya wati 100, na hupata joto zikifanyishwa kazi kutwa nzima. Ndani yake mara nyingi kuna giya za plastiki, ambazo huliwa meno polepole mpaka siku moja sindano na ndoano ya chini zinaacha kwenda pamoja. Muulize muuzaji kama giya hiyo inapatikana na nani anaibadilisha. Huyu alisema mashine haiharibiki, na jibu hilo nalo lina maana yake.

Bei: 100, kamili, na unaibeba mwenyewe.

Duka la pili: cherehani nyeusi ya miguu, na kwa nini tulijaribu vichwa vitatu

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, na ndipo nitakapokaa pia kwenye maelezo haya, maana vipimo vyote vya kichwa cha cherehani tulivifanya pale.

Muuzaji alitaja bei ya 62. Mpwa wangu alichangamka. Nikamwambia aulize hiyo ni bei ya nini. Ilikuwa bei ya kichwa tu. Meza, miguu ya chuma na gurudumu la chini vilikuwa 38. Mkanda na kufungiwa, 3. Usafiri, 5. Jumla 108, yaani ghali kuliko ile ya plastiki. Katika biashara hii kichwa na meza huuzwa mbalimbali, na anayekutajia bei kwanza hutaja kile kipande kinachokuvutia. Swali sahihi la kuuliza tangu mlangoni ni hili: "Nikitoka nayo hapa nikafika nyumbani nikaanza kushona, nitakuwa nimelipa kiasi gani?"

Kulikuwa na vichwa vitatu vya aina moja kwenye rafu. Tuliomba vyote vitatu vifungwe kwenye meza ya maonyesho, kimoja baada ya kingine. Muuzaji alinung'unika kidogo kwamba vyote vimetoka kwenye boksi moja. Kutoka boksi moja hakumaanishi vimekazwa sawa. Mafundi wanaojua huchagua kichwa, hawachagui jina lililoandikwa juu yake.

Kipimo cha kwanza hakihitaji uzi. Toa mkanda, inua mguu, kisha zungusha gurudumu la mkono polepole kuelekea kwako. Linatakiwa kuzunguka kwa uzito uleule duara nzima. Ukisikia mahali panakaza kisha panaachia, na panarudia palepale kila mzunguko, kuna kitu kinasugua au fimbo haikunyooka. Kichwa cha kwanza kilikaza hivyo. Muuzaji alisema ni mafuta mazito ya kiwandani. Vichwa vipya huja vimepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu, ni kweli, lakini mafuta hukazisha duara zima, hayakazi sehemu moja tu. Tukakiweka pembeni.

Kipimo cha pili: shika fimbo ya sindano kwa vidole viwili, isukume kushoto na kulia, mbele na nyuma. Isicheze. Halafu shika gurudumu la mkono, livute nje na lisukume ndani, linyanyue na lishushe. Mchezo mkubwa pale maana yake ni kwamba shafti haikukaa sawasawa kwenye kitanda chake. Fimbo ya sindano inayocheza huifanya sindano iiepuke ndoano kwa nywele moja tu, na hapo ndipo mishono inaporukwa bila kujulikana sababu.

Kipimo cha tatu ni cha mshono wenyewe. Weka uzi mwekundu juu na mweupe chini, shona sentimita ishirini kwenye pamba mbili, kisha geuza. Juu uone nyekundu tupu, chini nyeupe tupu. Ukiona vidoti vyeupe vimechomoza juu, uzi wa juu umebanwa zaidi au wa chini umelegea. Ukiona vidoti vyekundu chini, ni kinyume chake. Hili peke yake si kasoro, ni marekebisho. Kasoro ni pale unapogeuza kitufe cha tensheni toka mwanzo hadi mwisho na mshono haubadiliki. Mwombe muuzaji akuachie ukigeuze mwenyewe. Kwa uzi wa chini, toa kikasha chenye bobini, kishike kwa uzi wake kikining'inia. Kinatakiwa kubaki hapo, kisha kishuke kidogo ukitikisa mkono. Kikiporomoka chenyewe kimelegea mno. Kisiposhuka hata ukitikisa, kimebana.

Kipimo cha nne wengi hawakijui, ingawa ndicho kinachoonyesha kama mashine itakusaidia au itakusumbua kila siku. Chukua vile vipande viwili vya sentimita 50, vipange ncha kwa ncha, shona mwanzo hadi mwisho huku mikono ikiongoza tu bila kuvuta. Meno ya chini husukuma safu ya chini, mguu huizuia safu ya juu, kwa hiyo mwishoni safu ya juu huchomoza kidogo. Milimita chache hazina neno, kila cherehani ya aina hii inafanya hivyo. Sentimita moja na nusu ni tatizo: utashona ubavu wa gauni na pande zitakuwa hazikutani. Kwanza legeza skrubu ya juu inayobana mguu, kisha rudia. Ikipungua, hakuna shida. Isipopungua, meno yamekaa vibaya au mguu haukai sawa juu yake. Kichwa cha pili na cha tatu vyote vilipita hapa.

Kichwa cha pili kilianguka kwenye kipimo cha tano. Weka urefu wa mshono kwenye 3, shona, kisha pima mishono kumi kwa rula. Inatakiwa milimita 30. Rudisha nyuma mishono kumi, pima tena. Kichwa cha pili kilitoa 28 mbele, tofauti ndogo ambayo nisingeijali, lakini nyuma kilitoa 21. Maana yake ni kwamba ukirudi kufunga mshono, sindano haiingii kwenye matundu yaleyale, inakusanya uzi na kuacha kifundo kwenye kila mwanzo na mwisho. Kichwa cha tatu kilitoa 30 mbele na 29 nyuma. (Baadhi ya vichwa vya zamani namba zake zinahesabu mishono kwa inchi, na hapo namba kubwa ndiyo mshono mfupi. Usichanganye.)

Jinzi tuliliweka mwisho, na sindano namba 100. Kwenye mshono wa pembeni mguu wa mpwa wangu ulilazimika kukanyaga kwa nguvu, lakini sindano ilipita na hakuna mshono uliorukwa. Kitambaa chepesi, kwa sindano namba 70, kilijikunja kidogo mwanzoni, kisha kikatulia tulipopunguza tensheni ya juu.

Baada ya kichwa, kagua meza, maana wengi huisahau. Tazama kutoka ubavuni kama mkanda unashuka wima toka gurudumu la juu hadi la chini. Ukienda upande, utakuwa unaruka kila siku. Kanyaga bila kushona, usikilize miguu ya chuma kama inagongana. Mkanda wa ngozi hulegea baada ya muda na hufupishwa kwa kukata kipande na kuunga tena kwa kibanio cha chuma, kwa hiyo usihangaike na mkanda wenyewe.

Duka la tatu: mashine mpya ya kiwandani

Mashine hii inashona mpaka mishono 5,000 kwa dakika. Jinzi letu ililimeza bila kubadilisha sauti. Mpwa wangu aliikalia akawa hataki kuinuka, na sikumlaumu.

Kwa mashine ya kiwandani vipimo vya mshono ni vilevile, ila yapo mambo mawili ya ziada. Kwanza mota. Soma kibati chake: kama kimeandikwa volti 380 na fezi tatu, haitafanya kazi kwenye fezi moja ya nyumbani, hata muuzaji akisema kuna namna. Tena tofautisha mota ya klachi na ya sevo. Ya klachi huzunguka muda wote ikiwa imewashwa, unasikia inavuma hata ukiwa unapima kitambaa, na inakula umeme bure. Ya sevo huzunguka pale tu unapokanyaga, na mwendo wake unawekewa kikomo. Kwa mtu anayetoka kwenye cherehani ya miguu, kikomo hicho ndicho kitakachookoa vidole.

Pili mafuta. Kichwa cha aina hii kina bakuli la mafuta chini na kidirisha kidogo juu. Mashine ikitembea, uone mafuta yakirushwa kwenye kidirisha. Kidirisha kikavu maana yake pampu haivuti au bakuli ni tupu, na mwendo ule bila mafuta unaharibu kichwa kwa muda mfupi.

Jihadhari na namba za modeli. Kampuni nyingi hutumia namba zinazofanana na za modeli iliyopata jina, na 8700 ni mfano mmoja. Namba hiyo peke yake haikwambii nani ametengeneza. Tazama jina lililoandikwa kwenye kibati na kwenye mota.

Bei: kichwa 150, meza na miguu 35, mota ya sevo 45, usafiri 8. Jumla 238.

Duka la nne: ya kiwandani, iliyotumika

Ilikuwa imepakwa rangi mpya inayong'aa. Rangi mpya kwenye mashine iliyotumika ni ya kuitilia shaka, maana mwenye mashine nzima hana sababu ya kuipaka. Angalia vichwa vya skrubu: vilivyotafunwa na bisibisi vinaonyesha imefunguliwa mara nyingi. Toa bati la sindano ulitazame kwa mwanga. Tundu lenye mikwaruzo limegongwa na sindano zilizovunjika, na mikwaruzo hiyo ndiyo inayokata uzi. Pitisha ukucha kwenye ncha ya ndoano: iwe kali na laini, isikwaruze. Gusa meno: yawe na ncha, yasiwe yamelala. Hii ilikuwa na bati lililogongwa, meno yaliyochoka na fimbo ya sindano iliyocheza.

Muuzaji alitaka 125 pamoja na meza na mota ya klachi. Nafuu kubwa, ukilinganisha na 238. Mpwa wangu alimpigia simu fundi wa mashine palepale, akamweleza tulichokiona, akapewa makadirio: ndoano 9, bati na meno 7, kubadilisha kitanda cha fimbo ya sindano 10, ufundi 8. Hiyo ni 34. Ukiongeza usafiri wa 8, inafika 167. Ukitaka na mota ya sevo kama ile ya duka la tatu, 212. Tofauti na mpya imebaki 26, na ya mpya ina udhamini.

Sisemi usinunue iliyotumika. Kama ingekuwa na fimbo isiyocheza, ningemwambia aichukue bila kufikiri sana. Ninachosema ni kwamba bei ya mashine iliyotumika huanza kuhesabiwa baada ya fundi kutaja yake.

Hesabu iliyoamua

Tulikaa chini. Mpwa wangu alikuwa bado anaitamani ile ya duka la tatu. "Shangazi, ile ni mara kumi ya mwendo," alisema. Nikamwuliza gauni moja linamchukua saa ngapi kutoka kupima hadi kupiga pasi. Saa 5. Kati ya hizo, sindano inatembea muda gani? Alifikiri, akasema kama saa moja. Nyingine zote ni kupima, kukata, kupanga pini, kufungua, kupiga pasi, kushona kwa mkono, na kumsubiri mteja ajaribu.

Sasa hesabu. Anafanya kazi saa 100 kwa mwezi, kwa hiyo magauni 20. Kila gauni linamwachia 2 baada ya uzi na gharama nyingine. Mashine ya kiwandani haiwezi kuifanya ile saa moja kuwa dakika sita, kwa sababu kona, mikunjo na shingo vinashonwa polepole kwa mashine yoyote. Tukakadiria inaipunguza iwe nusu saa. Gauni linakuwa saa 4 na nusu, na kwa mwezi anapata magauni 22. Hayo mawili ya ziada ni 4 kwa mwezi. Tofauti ya bei kati ya 238 na cherehani ya miguu kwa 104 (nitaeleza hiyo 104 hapa chini) ni 134. Ukigawa kwa 4, inamchukua zaidi ya miezi 33 kuirudisha tofauti hiyo tu, na hapo hatujahesabu umeme wala siku ambazo umeme haupo.

Hesabu hiyohiyo inageuka kabisa kwa kazi nyingine. Mtu anayeshona sare kwa wingi hukata nguo nyingi kwa mara moja, hajaribishi kila mteja, na sindano yake inatembea zaidi ya nusu ya muda. Tuseme saa 3 kati ya 5. Zikipungua nusu, nguo inachukua saa 3 na nusu, na saa 100 zinatoa nguo 28 badala ya 20. Kwa faida ileile ya 2, ni 16 zaidi kwa mwezi, na ile 134 inarudi katika miezi 8 au 9. Kwa mtu huyo ningemwambia anunue ya kiwandani na atafute umeme wa akiba.

Akachagua kichwa cha tatu cha duka la pili.

Kupatana na kulipa

Turufu yake ilikuwa vile vipande alivyoshonea, vikiwa vimeandikwa namba ya kichwa kwa kalamu. Alimwonyesha muuzaji kile chenye 21 nyuma na kile chenye 29, akasema anataka hiki na si kile, na kwamba vichwa viwili alivyovikataa vinahitaji fundi kabla ya kuuzwa. Muuzaji alishusha kichwa hadi 58, akaongeza bobini kumi na pakiti mbili za sindano. Meza hakushusha, na hatukubishana, kwa vile duka la jirani liliuza meza ileile kwa bei ileile. Jumla ikawa 58 na 38 na 3 na 5, yaani 104.

Kuna jambo moja ambalo hupaswi kulilegezea. Kichwa ulichokijaribu ndicho unachoondoka nacho. Ukikubali "tutakuletea kilichofungwa vizuri kutoka stoo", umenunua kichwa usichokijua. Namba ya utambulisho iliyogongwa kwenye mwili wa kichwa iandikwe kwenye risiti, na uisome mwenyewe tena mzigo unapofika. Risiti pia iseme udhamini unagusa nini: vipuri tu au na ufundi, na kama fundi anakuja au wewe ndiye unayebeba kichwa kurudi dukani. Udhamini wa vipuri peke yake kwa cherehani nyeusi una faida ndogo, kwani vipuri vyake ni rahisi. Gharama iko kwenye ufundi.

Siku za mwanzo

Futa mafuta mazito kwa kitambaa, kisha tia mafuta mepesi ya cherehani, tone moja kwa kila tundu la juu na sehemu zinazosuguana chini. Usitumie mafuta ya kupikia wala ya gari: ya kupikia hugeuka gundi baada ya muda. Izungushe bila uzi, mguu ukiwa juu, dakika chache. Shona kwanza kwenye kitambaa chakavu mpaka kiache kuchafuka. Rudia kipimo cha mishono kumi na kile cha vipande viwili, ulinganishe na vya dukani. Tofauti ikitokea, kichwa kimeguswa au kimegongwa njiani, na ni vyema muuzaji ajue siku hiyohiyo.

Mpwa wangu alianza kulipia jirani mwenye ovaloki kumfungia kingo, 0.3 kwa kila gauni. Ovaloki yenyewe, kamili, aliulizia akatajiwa 130. Aliigawa kwa 0.3 akapata magauni 433, karibu miezi 22 kwa mwendo wake wa sasa. Kwa hiyo bado anapeleka kwa jirani, na anaandika kwenye daftari idadi ya wateja anaowakataa kwa sababu wanaleta vitambaa vinavyovutika, ambavyo ovaloki ingeweza kuvishona, kwa kuwa namba hiyo ndiyo itakayoshusha ile miezi 22.